Majibu ya Wateja Wanane

Duka la dobi halifi kwa kishindo. Hufa kimyakimya, henga ya nguo baada ya henga: leo suti ya fulani haipo, wiki ijayo shuka za nyumba ya wageni hazikuletwa, na mwishowe ile reli ya chuma iliyokuwa ikilemewa na nguo za watu hubaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Letu lilikuwa limekaribia hapo. Nasema letu kwa kuwa tulikuwa wawili, mimi na Kengele. Jina hilo alilipata shuleni, katika bweni, kwa sababu yeye ndiye aliyekabidhiwa kengele ya kutuamsha. Mimi nilikuwa kiranja, na mpaka leo ananiita hivyohivyo: Kiranja. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Baadaye nilimwoa dada yake, akawa shemeji yangu juu ya kuwa ndugu yangu wa bweni. Bwenini tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha: mwenzako akishasema, humkagui. Kengele akisema ni saa kumi na mbili, ni saa kumi na mbili. Aliyetoka nje kutazama jua alihesabiwa kuwa msaliti.

Tulikubaliana kwamba duka lihuishwe kwa mabango mapya, moja juu ya mlango na jingine kwenye pembe ya barabara kuu. Fedha tuliyokuwa nayo ilitosha kufanya hivyo mara moja tu. Bango ukishalitundika umeshasema. Huwezi kumkimbilia kila mpita njia ukamweleza kwamba ulimaanisha vingine. Tatizo likawa ni maneno ya kuandika. Nilitunga kaulimbiu yangu kwa uangalifu: *Usafi wa Nguo ni Heshima ya Mtu*. Kengele akaja na yake, ambayo alisema ilimjia akiwa ameketi msalani: *Lete Leo, Vaa Kesho*.

"Msalani ndiko ilikotoka na huko ingebaki," nilimwambia.

"Kiranja, hiyo yako ni ya kuandikwa kwenye kaburi la mwalimu mkuu. Watu watapita wavue kofia, halafu waende kufua kwingine."

Kupinga kwangu hakukuwa kwa wivu. Nguo zetu zilikauka kwenye kamba, nyuma ya jengo. Mvua ikinyesha, kesho hugeuka keshokutwa. Ahadi usiyoweza kuitimiza ni uongo, hata ukiipiga pasi. Kengele alisema tununue mashine ya kukaushia. Nikasema tutanunua tukishapata wateja. Akasema wateja tutawapata tukishanunua. Tukawa tunazunguka palepale kama ngamia wa kinu cha mafuta, na dada yake akichoka kutusikiliza alikuwa akituacha mezani na vikombe vyetu, akaenda zake kulala.

Ni Kengele aliyeleta njia ya kutoka. Kabla ya kuungana nami alikuwa ametembeza sabuni za kiwanda kimoja kwa miaka mingi, na kule aliona jinsi maneno ya kwenye pakiti yanavyojaribiwa kabla ya kuchapishwa.

"Tuwaulize wenyewe," alisema. "Wateja wanane wanatosha. Lakini wateja kweli, wanaoleta nguo. Siyo shangazi yako, siyo fundi wetu wa pasi."

"Wanane watatuambia nini kuhusu mji mzima?"

"Mji mzima hawatatuambia. Hatuhesabu kura hapa, shemeji. Watatuonyesha maneno yanakwama wapi kooni. Ukitaka kujua kiatu kinabana, huhitaji miguu elfu."

Hoja hiyo niliiheshimu, na nikaongeza ukali wangu juu yake ili jambo lifanywe kwa haki. Kaulimbiu zote mbili ziliandikwa kwa wino mweusi, herufi za ukubwa mmoja, kwenye karatasi zinazofanana, bila rangi wala picha, ili jicho lisivutwe na pambo. Kila mteja angeitwa peke yake katika chumba cha kupigia pasi, maana wakiwekwa pamoja, mwenye sauti kubwa huwapikia wenzake jibu. Nusu yao wangeonyeshwa yangu kwanza, nusu ya Kengele kwanza. Asingeambiwa yeyote ni ya nani. Wala asingeulizwa, "Unaipenda ipi?" Angeulizwa, "Ukisoma hivi, sisi tunakuahidi nini?" kisha, "Unaamini?" Baada ya kumpa chai na kuzungumza habari nyingine kidogo, angeulizwa ni maneno gani anayakumbuka.

Kwa kuwa alikuwa na uzoefu, Kengele ndiye aliyekaa nao. Mimi nilibaki kaunta, nikipokea mashati na kujizuia nisitege sikio. Kutoka chumbani nilisikia kicheko mara kadhaa. Nilidhani ni cha adabu.

Jioni alitoka akijifuta jasho la mvuke.

"Hongera, Kiranja. Sita wamekuchagua wewe. Wawili mimi."

Niliona fahari ambayo sikuwa nimeionja tangu siku ya kukabidhiwa utepe wa ukiranja. Ningepaswa kujiuliza kwa nini jaribio tulilosema halitahesabu kura lilikuwa limeniletea kura. Ningepaswa kuuliza walisema nini kwa maneno yao wenyewe. Sikuuliza. Mwenzako wa bweni akishasema, humkagui. Nilimshika bega, nikamwambia kwamba mshindwa mwenye staha ni bora kuliko mshindi mwenye majivuno, naye akainamisha kichwa kana kwamba anakubali.

"Ipeleke kwa mchapaji," alisema. "Hayo ndiyo matokeo."

Nikaipeleka kesho yake asubuhi. Mchapaji wa mabango, mtu mnene mwenye vidole vya rangi zote, aliniahidi kwamba yatakuwa tayari baada ya kazi nyingine iliyokuwa mbele yangu.

Mkunga mmoja, aliyekuwa katika wale wanane, alikuja siku hiyohiyo mchana kuchukua sare zake. Ni mama asiyejua kunong'ona. Nadhani ni kwa kuzoea kuwasemesha wanawake walio katika uchungu.

"Baba, bango mnaweka lini? Nimeshawaambia wenzangu wa wodini: lete leo, vaa kesho!"

Nilitabasamu kwa upole wa mshindi. "Mama, iliyoshinda ni ile nyingine."

"Ile ipi? Ile ya heshima?" Akaangua kicheko mpaka mkoba ukamtoka begani. "We baba! Ile nilimwambia mwenzako: hii sentensi imefunga tai lakini haijavaa suruali. Nikamuuliza, sasa hapa mnaniahidi nini? Kwamba mimi sina heshima mpaka nije kwenu? Alicheka huyo, akalia machozi!"

Nilimkabidhi sare zake nikiwa nimesimama wima. Nilijiambia: huyu ni mmoja wa wale wawili. Katika kila darasa wapo wawili wasioelewa.

Lakini neno lake lilinikaa kama mwiba wa samaki. Jioni, nilipokuwa nikifunga, alipita karani mstaafu, mzee nadhifu aletaye kanzu moja na shati moja kila wiki. Yeye naye alikuwa katika wale wanane. Nilimwalika akae, nikamuuliza waziwazi alijibu nini.

Mzee alivua miwani akaifuta. Watu wa namna yake huifuta miwani wanapotaka kukusitiri.

"Mwanangu, ile ya heshima ni Kiswahili kizuri. Hata mimi ningeweza kuiandika. Ila nilipoulizwa baada ya chai, sikuikumbuka. Nilikumbuka ile fupi. Nikamwambia pia kwamba ile fupi nitaiamini siku nitakayoona mashine ya kukaushia."

"Ulimwambia hivyo?"

"Hivyohivyo. Akasema wengi wamesema hivyo. Halafu akaniuliza lile swali la mwisho."

Swali la mwisho tulilopanga lilikuwa la kumbukumbu. Nilimwomba mzee anikumbushe.

"Si lile la soko? Aliniuliza: kama dobi wa namna hiyo, mwenye mashine, angekuwa pale karibu na soko, ungemfuata? Nikamjibu, mwanangu, kutoka kwangu soko ni karibu kuliko hapa. Ningemfuata." Alinitazama, akarudisha miwani. "Nilidhani mnahama wote."

Nilimsindikiza mpaka barazani, kwa kuwa mkubwa husindikizwa. Kisha nilikwenda moja kwa moja kwa mchapaji kumzuia asianze kazi yangu.

Karakana ilinuka wino na plastiki ya moto. Mashine ilikuwa ikilitoa bango jipya taratibu, ikienda kulia na kurudi kushoto, na kila ikirudi iliacha ukanda mwingine wa rangi. Niliona buluu. Kisha vichwa vya herufi nyeupe. Kisha herufi zikakamilika nikiwa nimesimama pale, na nikasoma *Lete Leo, Vaa Kesho*, na chini yake maneno madogo: *karibu na soko*.

Kengele alikuwa upande wa pili wa mashine, ameinama akikagua kingo. Alipoinua uso hakushtuka sana. Aliuzoea uso wangu.

"Kiranja."

"Kazi iliyokuwa mbele yangu ni hii?"

Mchapaji alitutazama wote wawili, akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la kushughulikia uani.

"Tulia kwanza, shemeji. Nilikuwa nije kwako Jumapili nikueleze."

"Ukiwa na bango mkononi, au baada ya kulitundika?"

"Usinifanyie mambo ya gwaride. Mashine ya kukaushia nimekuomba tangu lini? Kila mwaka unasema mwakani. Nimepata chumba, nimepata mkopo, nimepata mashine. Nifanye nini, nizeeke nikiangalia mawingu?"

"Ungeniambia unaondoka. Ningekusaidia kubeba meza."

"Ungenisaidia kubeba meza, na hotuba ungenipa, na mpaka kuzimu ungekuwa unanikumbusha kwamba nilikimbia." Alijaribu kucheka. "Sasa tatizo ni nini hasa? Kaulimbiu ni yangu. Uliikataa mbele ya dada yangu. Uliiita ya msalani."

"Maneno ni yako," nilisema. "Yachukue, hata kuyasoma sitayasoma tena. Lakini majibu yalikuwa yetu. Wale ni wateja wetu, walikaa katika chumba chetu, wakanywa chai yetu, wakadhani wanalisaidia duka letu. Uliwauliza wakuambie ukweli, ukauweka mfukoni, ukanitolea mimi uongo. Sita kwa wawili! Wangapi walikuwa upande wangu, Kengele?"

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa bango. Mashine ilikuwa imemaliza.

"Hakuna," alisema hatimaye. "Mmoja alisema ni nzuri kwa misikiti na makanisa."

"Ukaniacha niipeleke kuchapishwa."

"Nilikuona ulivyofurahi."

"Usiniwekee huruma juu ya wizi. Ulitaka nitundike bango lisilomwambia mtu kitu, ili wakija kulitafuta lile walilolikumbuka, walikute kwako."

Ningependa kuandika kwamba alikana. Mtu akikana, anakuachia nafasi ya kuendelea kumpenda. Kengele alilikunja bango lake, akalikunja kwa ustadi, pembe kwa pembe, kama tulivyofundishwa kukunja mablanketi, na akasema kwa sauti ya chini, "Biashara siyo bweni, kaka."

Mchapaji alirudi akikohoa mlangoni. "Bwana, hili lako tulianze, au...?"

"Usilianze."

Nyumbani nilimkuta mke wangu akikaanga vitunguu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kuvua koti. Hakugeuka. Kijiko kiliendelea kuzunguka sufuriani, na vitunguu vilikwisha kuwa vya rangi ya dhahabu, vikapita hapo, vikaanza kuwa vyeusi.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua kuhusu chumba. Maneno ya wateja sikuyajua, naapa."

"Tangu lini?"

"Alinionyesha mashine ilipokuja. Aliniambia, dada, usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nikamwambia, mwambie kesho. Kila siku nikamwambia, mwambie kesho." Akaipua sufuria. "Ni ndugu yangu, baba watoto. Na wewe ni mume wangu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningesema."

"Ndiyo," alijibu, na katika sauti yake hamkuwa na sifa hata chembe. "Wewe ungesema."

Tulikula chakula kilichoungua.

Mtu mwenye msimamo hakai akilamba jeraha. Niliamua kwamba jaribio lililochafuliwa lifanywe upya, kwa usafi. Nilichagua wateja wengine wanane, wale waliokuwa bado wanakuja. Nilitunga kaulimbiu mpya, fupi, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwa mkunga na kwa karani mstaafu: *Tunachopokea, Tunakitunza*. Niliiweka kando ya ile yangu ya zamani, wino mweusi, herufi sawa, nikapindua utaratibu kwa kila mtu wa pili, na chai nikaandaa. Safari hii nilikaa chumbani mimi mwenyewe, maana sikuwa na mwingine wa kumweka.

Mteja wa kwanza alikuwa mpokezi wa wageni katika hoteli. Nilimwonyesha ya kwanza, nikamuuliza tunamwahidi nini.

"Heshima," alisema haraka. "Nzuri sana, bosi."

Nikamwonyesha ya pili.

"Na hii pia. Nzuri sana."

"Unaamini?"

"Kabisa!"

Wa pili alisema zote zina busara. Wa tatu, fundi umeme mwenye mikono mikubwa, alizisoma kwa sauti kama mtahiniwa, akauliza amekosea wapi. Nilimwambia hakuna kukosea. Akashukuru. Wa nne alizisifu kabla hajafika kwenye kiti. Kwa kila mmoja nililegeza uso, nilitabasamu kadiri uso wangu unavyojua, nilisema, "Niambie ukweli, mimi si mwalimu wako." Nao wakazidi kukaa wima. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeniambia kuhusu tai na suruali. Niliisikiliza ile adabu yao ikiniangukia, nzuri sana, nzuri sana, bosi, nikaelewa kwamba Kengele alipoondoka hakuondoka na maneno peke yake. Ukweli wa wateja wangu ulikuwa umezoea kupitia kwake, na sasa haukuwa na mlango.

Wa mwisho alikuwa binti mmoja mfanyakazi wa benki, aliyekuja na furushi la blauzi nyeupe. Alizisoma zote mbili taratibu, mkono shingoni.

"Unaona tunakuahidi nini, mwanangu?"

"Mambo mazuri, baba." Alitazama dirishani, kule kamba zilipoanza kuloa manyunyu. "Nimezipenda zote mbili. Kweli."

Nilimpa chai. Aliinywa yote, kwa heshima. Kisha tukatoka kaunta, akaweka furushi lake juu ya meza, nami nikavuta kalamu.

"Naomba ziwe tayari kesho, baba. Nina mafunzo keshokutwa asubuhi."

Nilitazama mvua. Ningeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo, halafu kesho angetafuta la kusema.

"Keshokutwa jioni," nilimwambia. "Jua likiwaka."

"Aa." Aliliangalia furushi, akaliangalia tena, kisha akalivuta taratibu mpaka likawa kifuani mwake. "Basi usijali, baba. Ngoja nijaribu kule sokoni. Na hongera sana kwa kaulimbiu."

Nilimfungulia mlango, kwa sababu alikuwa amebeba mzigo kwa mikono yote miwili.